Lipstiki imebadilika rangi, kopo linang'aa, lebo haisomeki: utatuzi wa kasoro za picha za vipodozi zinazopigwa kwa simu

Kasoro zinazoelezwa hapa ni zile zinazojirudia kwa wauzaji wa vipodozi wanaopiga picha wenyewe nyumbani au dukani, kisha kuzipandisha mtandaoni. Nimezikuta kwenye duka langu mwenyewe hapa Dar es Salaam, na nimezikuta tena kila nilipoitwa na muuzaji mwenzangu kumsaidia. Nimezipanga kwa dalili, yaani kwa kile unachokiona kwenye picha, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi. Fuata mpangilio huo, kwa sababu mara nyingi tatizo huisha kabla hujafika kwenye marekebisho magumu.

Vifaa ninavyovichukulia kuwa unavyo ni meza ndogo kando ya dirisha, pazia jeupe jepesi, karatasi mbili tatu za manila, na kitu cha kushikilia simu isitikisike. Kabla ya kutafuta kasoro yoyote, fanya mambo manne: futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, zima flashi, zima kila kichujio cha urembo kilichomo kwenye kamera, na zima taa zote za chumbani ubaki na mwanga wa dirisha peke yake.

Dalili ya kwanza: rangi iliyo kwenye picha siyo iliyo mkononi

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayorudisha mizigo. Picha yenye kivuli kibaya itamfanya mteja asinunue, lakini picha yenye rangi isiyo ya kweli itamfanya anunue, apokee, kisha aone amedanganywa. Kwa lipstiki, faundesheni na rangi ya kucha, rangi ndiyo bidhaa yenyewe.

Sababu inayoongoza ni mwanga wa aina mbili kukutana juu ya bidhaa moja. Mwanga wa dirishani una ubluu kidogo, na taa nyingi za sebuleni zina unjano. Macho yetu huzoea na kuona kila kitu sawa, lakini simu hailazimiki kuzoea kama sisi. Kuhakiki ni rahisi: weka karatasi nyeupe mahali pa bidhaa, ipige picha, kisha itazame upande unaoelekea dirishani na upande unaoelekea chumbani. Ikiwa upande mmoja una ubluu na mwingine una unjano, umepata jibu. Zima taa. Hakuna marekebisho ya baadaye yatakayonyoosha picha ya namna hiyo, kwa kuwa ukiondoa unjano upande mmoja unazidisha ubluu upande wa pili.

Sababu ya pili ni vitu vyenye rangi vilivyo karibu. Ukuta wa kijani, zulia jekundu, kanga uliyojifunga, hata fulana yako, vyote hurudisha mwanga wenye rangi yake juu ya kopo jeupe au kifuniko cha fedha. Vaa nguo nyeupe, ya kijivu au nyeusi unapopiga picha, na simamisha manila nyeupe kati ya bidhaa na ukuta.

Sababu ya tatu ni ngumu zaidi kuigundua, na iliwahi kunigharimu. Nilikuwa na lipstiki ya rangi ya zambarau lililoiva, nikailaza juu ya manila ya waridi kwa kuwa niliona zinapendezana. Mwanga ulikuwa mzuri, wa dirisha tupu, saa nne asubuhi. Kwenye picha lipstiki ilitoka kahawia inayokaribia tofali, na manila ikawa imefifia. Sikujali, nikaipandisha. Mteja wa Morogoro aliipokea akaniandikia kwamba nimemtumia rangi nyingine, na alikuwa na haki kabisa.

Kilichotokea ni hiki. Simu hukisia yenyewe rangi ya mwanga uliopo, na hukisia kwa kuangalia rangi zilizojaa kwenye fremu. Fremu ikiwa imejaa waridi, inadhani mwanga ndio wa waridi, hivyo inaupunguza ili kuleta usawa. Inapopunguza waridi ya karatasi, inapunguza pia wekundu na uzambarau wa lipstiki. Nilirudia kazi hiyo kwa hatua tatu siku iliyofuata, dirisha lile lile na saa ile ile. Kwanza niliondoa manila ya waridi nikaweka nyeupe, na rangi ya zambarau ikarudi papo hapo. Pili, nikaingia kwenye hali ya `Pro` ya kamera, nikagusa `WB`, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, nikaacha kuiachia simu ichague, nikaiweka 5300K, ambayo iko karibu na mwanga wa mchana. Tatu, nikairudisha manila ya waridi bila kugusa kipimo hicho. Safari hii waridi ilibaki waridi na zambarau ikabaki zambarau. Niliishika lipstiki kando ya skrini, pale pale dirishani, nikaona zinalingana.

Ikiwa kamera ya simu yako haina sehemu ya kufunga kipimo hicho, weka kipande cha karatasi nyeupe isiyong'aa pembezoni mwa fremu, mahali utakapopakata baadaye. Fungua picha kwenye programu ya kuhariri yenye zana ya kuchukua rangi kwa kugusa, mfano Snapseed kwenye `White Balance`, gusa ile karatasi nyeupe, kisha kata pembe hiyo. Karatasi lazima ipigwe na mwanga ule ule unaoipiga bidhaa. Ikiwa kivulini, itakupotosha.

Sababu ya nne inawahusu wanaopiga picha usiku kwa taa. Kuna taa ambazo mwanga wake huonekana mweupe lakini una upungufu wa wekundu, na chini yake lipstiki nyekundu na faundesheni za ngozi nyeusi huonekana zimekufa. Tazama kwenye boksi la taa alama ya `CRI` au `Ra`, inayoonyesha taa inavyotoa rangi kwa ukweli, na nunua yenye 90 au zaidi. Ikiwa boksi halitaji namba hiyo, mimi siinunui kwa kazi hii.

Mwisho, hakiki skrini yako. Simu nyingi hugeuza skrini kuwa ya manjano jioni ili kupumzisha macho, na nyingine zimewekwa kukoleza rangi. Unaweza kuwa unarekebisha picha ambayo haikuwa na kosa. Zima hali hizo, kisha itazame picha kwenye simu nyingine mbili za aina tofauti kabla ya kuipandisha.

Kuna mpaka wa kuheshimu hapa. Huwezi kujua skrini ya mteja inaonyesha nini, hivyo andika jina na namba ya rangi kama zilivyo kwenye boksi, na ongeza picha ya bidhaa iliyopakwa kwenye ngozi, upande wa ndani wa mkono, bila kichujio. Kwa faundesheni, tumia mikono ya watu wawili au watatu wenye ngozi tofauti. Vivuli vya macho vinavyobadilika rangi kulingana na pembe havitatulizwa na picha yoyote, kwa hiyo acha kuhangaika, piga video ya sekunde chache ukiigeuza taratibu.

Dalili ya pili: manila ni nyeupe lakini picha imetoka ya kijivu

Karibu kila mara hii ni simu inavyopima mwanga. Kamera hutafuta wastani, na ikikutana na fremu iliyojaa weupe inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Gusa bidhaa kwenye skrini, kisha telezesha alama ya jua kwenda juu mpaka manila ing'ae, na usimame kabla maandishi ya lebo hayajaanza kufifia. Kwenye iPhone, shikilia kidole mpaka maneno `AE/AF LOCK` yatokee ili kipimo kisibadilike kati ya picha na picha. Kopo jeusi juu ya manila nyeusi hupata kasoro ya kinyume: hutoka limepauka, nalo hutibiwa kwa kuteremsha alama ile ile.

Ikiwa manila ni nyeupe upande wa dirisha na ya kijivu upande wa pili, simamisha manila nyingine nyeupe upande wa giza, nje kidogo ya fremu, irudishe mwanga. Isogeze karibu au mbali huku ukitazama skrini, kwa sababu sentimita tano tu hubadilisha kivuli.

Dalili ya tatu: mng'ao mkali juu ya chupa, kopo au kifuniko

Sehemu inayong'aa ni kioo. Haionyeshi tu mwanga, inaonyesha umbo la kile kinachotoa mwanga. Flashi huonekana kama nukta nyeupe, taa ya duara huonekana kama pete kamili juu ya kifuniko, na jua lisilozuiwa huonekana kama doa linalokula maandishi. Kwa sababu hiyo, kupunguza nguvu ya taa hakusaidii sana, maana nukta hubaki nukta. Kinachosaidia ni kuufanya mwanga utoke mahali papana.

Anza kwa kuigeuza chupa kidogo, kisha kuinua au kushusha simu. Mng'ao unaofunika jina la bidhaa mara nyingi huhamia pembeni kwa mgeuko mdogo sana. Usipohama, funga pazia jeupe mbele ya dirisha, na kama pazia ni zito, bandika karatasi ya kuokea mikate kwenye fremu nyepesi ya mbao uisimamishe kati ya dirisha na meza. Sasa utaona ile nukta imekuwa mstari mrefu laini unaoshuka ubavuni mwa chupa. Mstari huo usiuondoe wote, kwa sababu ndio unaomwambia mtazamaji kwamba chupa ni ya mviringo na kwamba ni ya glasi.

Chupa nyeusi au ya rangi nzito hupotea kingo. Simamisha kadi nyeupe nyembamba kila upande, na kingo zitachoreka. Chupa isiyo na rangi juu ya manila nyeupe hupotea kingo vilevile, lakini dawa yake ni kinyume: kata vipande viwili vya manila nyeusi, viweke kushoto na kulia nje ya fremu, na glasi itajichora kwa mstari mweusi mwembamba. Mara ya kwanza nilipoliona hilo kwenye seramu ya glasi angavu nilisimamisha kazi nikaita watu wa nyumbani waje kuangalia.

Kama unajiona wewe na simu yako ndani ya kifuniko, rudi nyuma, tumia lenzi ya kuvuta karibu ikiwa simu inayo, na tundika kitambaa cha rangi moja mbele yako chenye tundu la lenzi tu.

Acha hapa na umwite mtaalamu ikiwa kifungashio kizima ni kama kioo, mfano kifuniko kikubwa cha dhahabu cha manukato chenye pande nyingi. Kila upande huakisi kona tofauti ya chumba, na mpiga picha wa studio atamaliza kwa saa moja kile utakachokihangaikia siku tatu. Na hili lisipuuzwe: usifunike taa inayopata moto kwa kitambaa au karatasi ili kulainisha mwanga, na usiunganishe taa kwa nyaya zilizo wazi. Soketi ikipata joto, ikitoa harufu au cheche, zima umeme kwenye swichi kuu na uite fundi umeme kabla ya kuigusa tena.

Dalili ya nne: lebo haisomeki

Mnunuzi wa vipodozi hukuza picha asome viambato, ujazo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ikiwa vimefifia, anayehofia bidhaa bandia ataondoka.

Kwanza ni lenzi chafu. Mtu aliyekuwa anapanga mafuta ya shea na gliserini kisha akashika simu, huacha utando wa mafuta usioonekana kwa haraka, na picha hutoka kama ina ukungu hasa kuzunguka sehemu nyeupe. Futa kabla ya kila bidhaa mpya, siyo mara moja kwa siku.

Pili ni kusogea karibu mno. Kila lenzi ina umbali ambao ukiuvuka haiwezi tena kuweka fokasi, na kamera kuu za simu nyingi mpya zinahitaji nafasi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Rudi nyuma mpaka sentimita 30 hivi, piga, kisha kata picha, au tumia `2x` kama ipo. Hatua hii hutibu pia kasoro nyingine ambayo watu huilalamikia peke yake, ya kopo kuonekana limevimba juu na kuchongoka chini. Ukiwa karibu, kilicho mbele hukuzwa kupita kiasi. Weka lenzi usawa wa katikati ya chupa, na pande zake zitanyooka. Baadhi ya simu hubadili zenyewe kwenda lenzi pana unaposogea karibu, na utaona fremu ikiruka ghafla kwenye skrini. Ukiiona imeruka, rudi nyuma.

Tatu ni mtikisiko wa mkono. Tegemeza simu na utumie kipima muda cha sekunde 3, ili kidole kiwe kimeshaondoka picha inapopigwa.

Nne, picha yenyewe inaweza kuwa safi, ikaharibiwa njiani. Ikiwa unajitumia au unamtumia msaidizi kwa WhatsApp ili aipandishe, itume kama faili kupitia `Document`, kwa kuwa ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na maandishi madogo hulika. Linganisha ile iliyo kwenye simu iliyopiga na ile iliyofika upande wa pili.

Sababu ya mwisho ni ya kifaa. Piga picha ya kitu kilicho mbali, kama jengo la ng'ambo ya barabara. Ikiwa nacho kimefifia, au picha inatetemeka kwenye skrini huku simu ikiwa mezani na pengine ikitoa mlio mdogo wa kukwaruza, huenda mfumo unaotuliza lenzi umeharibika. Uulize kama simu hiyo imekuwa ikifungwa kwenye usukani wa bodaboda, kwa sababu mtetemo wa injini ya pikipiki unajulikana kudhoofisha mfumo huo, na Apple iliwatahadharisha watumiaji wake kuhusu jambo hilo mwaka 2021. Hapo usijaribu kufungua simu. Ipeleke kwa fundi mwenye vipuri halisi. Vivyo hivyo ukiona ukungu ndani ya kioo cha lenzi, au mgongo wa simu umeinuka. Mgongo ulioinuka ni dalili ya betri iliyovimba, na simu hiyo haipaswi kuchajiwa tena hata kwa kumalizia kazi ya siku.

Dalili ya tano: mistari inayokatiza picha

Hii hutokea chini ya taa tu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Hamia dirishani, au kwenye `Pro` weka kasi ya kupiga picha iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Mistari ikibaki, badilisha taa.

Dalili ya sita: kila picha ni nzuri peke yake, lakini zikikaa pamoja duka linaonekana kama la watu watano

Chanzo cha kwanza ni kupanga meza upya kila siku kwa kukisia. Bandika vipande vya gundi ya karatasi vitatu: mahali miguu ya kishikilia simu inapokaa, mahali bidhaa inaposimama, na mahali manila ya kurudishia mwanga inapofika. Andika kwenye daftari urefu wa lenzi kutoka mezani, umbali, kipimo cha `WB` na saa. Chagua uwiano mmoja wa fremu, mfano 4:5 wa pikseli 1080 kwa 1350, na kiasi kimoja cha nafasi tupu kuzunguka bidhaa. Usichanganye manila nne za rangi kwa sababu tu zipo. Moja nyeupe kwa picha kuu na moja ya rangi kwa picha ya pili zinatosha duka zima.

Chanzo cha pili ni jua, na hapa wengi hushangaa kwamba meza iliyofanya kazi vizuri mwezi Juni inaleta vivuli vikali Desemba. Hapa Dar es Salaam jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini mwishoni mwa mwaka. Dirisha la kusini linalotoa mwanga mtulivu mwezi wa Juni litapigwa na jua lenyewe miezi sita baadaye. Kama una madirisha mawili, hamisha meza. Kama ni moja, ongeza pazia. Bidhaa zisiachwe juani zikisubiri zamu, kwani lipstiki na balmu hulainika na kupoteza makali ya ncha zake, na simu ikipata joto kupita kiasi hujizuia kufanya kazi.

Chanzo cha tatu ni uhariri wa kubahatisha. Rekebisha picha moja vizuri, kisha nakili marekebisho hayo hayo kwa nyingine zote za siku hiyo, badala ya kuivuta kila moja kwa macho.

Ili ujue kama umeteleza, weka bidhaa moja ya kipimo. Kila unapoanza kupiga, ianzishe hiyo, na uilinganishe na picha yake ya wiki iliyopita kabla ya kugusa bidhaa nyingine. Ikiwa weupe, kivuli na ukubwa vinalingana, endelea. Visipolingana, rudi kwenye vipande vya gundi na daftari. Mimi nilianza na seramu ya vitamini C iliyo kwenye chupa angavu, nikahangaika wiki nzima kutafuta unjano uliotoka wapi, kumbe seramu yenyewe ilikuwa inageuka rangi kwa umri. Sasa natumia kopo jeupe la plastiki lisilopenya mwanga, na nalihifadhi kabatini ndani ya boksi lake.